Shaba au chuma? Herufi moja kwenye picha ya pampu ya maji

Chukua pampu ndogo ya maji ya nusu hosipawa, ile ya wati 370 ambayo watu wengi huifunga kupandisha maji kwenye tangi la juu. Kwenye mitandao ya jumla ya China kama 1688, picha yake huwa na maandishi makubwa yaliyochapwa juu ya picha yenyewe, kwa hiyo huwezi kuyanakili kama maneno ya kawaida. Tuseme picha ina mistari hii:

全铜线电机
铜叶轮
不锈钢轴
铝壳散热
扬程35米 吸程8米

Anayenunua kwa ajili ya duka la Kariakoo au la Nairobi anataka kujua mambo mawili hapo: koili ya mota ni shaba kweli, na maji yatafika juu kiasi gani. Majibu yote mawili yamo kwenye picha. Lakini yanategemea herufi zinazofanana mno, na naamini wanunuzi wengi hujikwaa kwa sababu wanaisoma kila herufi peke yake, kana kwamba haina jirani.

Tuanze na sababu ya kufanana. Herufi za metali kwa Kichina karibu zote zina kipande kilekile upande wa kushoto, 钅, kinachosema tu kwamba jambo hili ni la metali. Upande wa kulia mara nyingi ni wa sauti. Shaba ni 铜, husomwa tong, na kulia kwake kuna 同, ambayo nayo ni tong. Chuma cha pua ni 钢, gang, na kulia kuna 冈, gang. Alumini ni 铝, na kulia kuna 吕. Risasi ni 铅. Basi nusu nzima ya herufi haikusaidii kutofautisha shaba na chuma, kazi yote inabaki upande wa kulia, na huko 同 na 冈 zina fremu moja, kama mlango ulio wazi chini. Picha ikipunguzwa au ikitumwa mara mbili tatu kwa WhatsApp, fremu inabaki ila kilicho ndani kinavia na kuwa doa.

Kuza picha utazame ndani ya fremu hiyo tu. Ndani ya 同 kuna mstari mmoja wa kulala, na chini yake kisanduku kidogo kilichofungwa. Hata picha ikiwa na ukungu, kisanduku hicho mara nyingi huacha nukta nyeupe katikati. Ndani ya 冈 kuna mistari miwili ya mshazari iliyokatana, haina kisanduku. Kwa hiyo mistari ya kulala na nukta nyeupe ni shaba, mishazari ni chuma. Kuna dalili nyingine ya haraka: 铜 ina mikato 11 ya kalamu na 钢 ina 9, kwa hiyo shaba huonekana nzito na nyeusi zaidi ikiwa zote mbili zimo kwenye picha moja kwa ukubwa uleule. Kwa 铝 na 铅 tazama juu kulia. Alumini ni visanduku viwili, kimoja juu ya kingine. Risasi ina kisanduku kimoja tu, na juu yake miguu miwili iliyoungana kwa juu.

Njia ninayoiamini kuliko kukodoa macho ni kuandika herufi zote mbili mwenyewe. Weka kwenye simu kibodi ya pinyin, ile ya kuandika Kichina kwa kutumia herufi zetu za a, b, ch, andika tong uchague 铜, kisha andika gang uchague 钢. Zikuze zifikie ukubwa wa zile za kwenye picha, uziweke pembeni ulinganishe. Tumia picha ya asili kutoka ukurasa wa bidhaa, kwa sababu ile ndogo ya kwenye orodha ya utafutaji imeshabanwa na mambo ya ndani ya fremu yameshapotea.

Pale jicho linaposhindwa, jirani husaidia. Kwenye mstari wa tatu, herufi mbili za kwanza ni 不锈, maana yake "isiyoshika kutu". Zikifuatwa na herufi ya metali kwenye bidhaa kama hii, herufi hiyo karibu kila mara ni 钢, hata kama imefutika kabisa. Hakuna anayeandika 不锈铜. Mstari wa kwanza unafanya vivyo hivyo kwa upande wa pili: 线 ni waya na 电机 ni mota, na koili ya mota ya pampu kama hii husukwa kwa waya wa shaba au wa alumini, si wa chuma. Ukiona fremu yenye doa kabla ya 线电机, chuma kimeshajitoa chenyewe. Aliyesoma hapo "mota ya waya wa chuma" hakuhitaji Kichina zaidi kugundua kosa, alihitaji kujiuliza kama fundi angeisuka mota hiyo.

Ila jirani hasaidii kila mahali, na hapa ndipo watu huzidisha imani. Mstari wa pili ni 铜叶轮, impela ya shaba, yaani lile gurudumu la ndani linalosukuma maji. Impela za 铜 zipo, na za 不锈钢 zipo, zote ni za kawaida na bei zake ni tofauti. Muktadha unazikubali zote mbili. Hapo inabidi uone kisanduku kwa macho yako au umuulize muuzaji. Na hata ukishaona 铜, kumbuka kwamba neno hilo ni pana. Kwenye impela na viungio vya mabomba kwa kawaida ni 黄铜, "shaba ya njano", yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Shaba nyekundu yenyewe huitwa 紫铜, ambayo neno kwa neno ni "shaba ya zambarau", na wako wanaodhani ni rangi iliyopakwa. Rangi ina neno lake: 铜色 ni "rangi ya shaba" tu, haiahidi metali yoyote. Herufi moja baada ya 铜 imebadilisha bidhaa nzima.

Mstari wa nne, 铝壳散热, huwatisha watu bure. Wameshasikia kwamba alumini kwenye mota ni mbaya, wakiiona 铝 wanaikimbia pampu. Soma inayofuata: 壳 ni kava la nje, na 散热 ni kutoa joto. Alumini kwenye kava ni jambo zuri, ni nyepesi na inapitisha joto vizuri. Ubaya huja pale inapoandikwa 铝线, waya wa alumini, ndani ya koili. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya shaba ya unene uleule. Ili ifanye kazi sawa inataka waya mnene zaidi, na mtengenezaji anayebana gharama asipouweka, koili inapata joto, vanishi inaungua na mota inaingia shoti. Herufi ni ileile, 铝. Mahali ilipo ndipo panapoamua kama ni sifa au ni onyo.

Kuna mtego mmoja ambao haumo kwenye picha yetu lakini umejaa kwenye nyaya za umeme na kwenye mota za bei ya chini: 铜包铝. Herufi ya katikati, 包, ni ile utakayoiona pia kwenye 包邮, ambapo maana yake ni kwamba gharama ya usafiri imo ndani ya bei, na kwenye 包装, vifungashio. Ukibeba maana hizo ukazileta hapa, utapata "shaba pamoja na alumini" au "kifurushi cha shaba na alumini", na unaweza kudhani ni nyaya za aina mbili. Ikikaa kati ya metali mbili, 包 ni kitendo cha kufunika: ya kwanza imeifunika ya pili. Kwa hiyo ni waya wa alumini uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwa nje ni mwekundu kabisa.

Sasa mstari wa mwisho, ambao kwa mtu wa kisima una uzito kuliko yote. 程 imejirudia mara mbili, na maana yake hapa ni umbali. Inayotangulia ndiyo inayotenganisha. 扬 ina mkono upande wa kushoto, 扌, na maana yake ni kuinua, hivyo 扬程 ni kimo ambacho pampu inasukuma maji. 吸 ina kinywa, 口, na maana yake ni kunyonya, hivyo 吸程 ni kina ambacho pampu inavuta maji kutoka chini yake. Kwenye picha mbovu mkono na kinywa huchanganyika, lakini namba haziwezi kuchanganyika. Pampu iliyokaa juu ya ardhi huvuta maji kwa msaada wa kanieneo ya hewa, na usawa wa bahari hewa haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10.3 hivi. Kwa hiyo 35 haiwezi kuwa ya kunyonya. Anayeisoma kinyume anaifunga pampu juu ya kisima cha mita 20, inazunguka siku nzima bila kutoa tone, naye anadhani ameuziwa mbovu.

Hizo mita 8 nazo ni za hali nzuri, karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi, na ukomo wenyewe unashuka hadi mita 8 na kidogo. Pampu hiyohiyo uihesabie mita 6 huko. Na mita 35 za kusukuma ni za mwisho kabisa, pale maji yanaposimama bila kutiririka. Mara nyingi huandikwa 最大扬程, ambapo 最大 ni "ya juu kabisa". Kimo cha kazi ya kawaida ni 额定扬程. Ukiona namba moja tu kubwa kwenye picha, ichukulie ni ya juu kabisa.

Likibaki shaka kuhusu koili, usimuulize muuzaji "ni shaba?", kwa sababu jibu fupi la 是的, "ndiyo", halimfungi kwa lolote. Muulize kwa namna inayomlazimu kuchagua:

电机线圈是纯铜线、铝线，还是铜包铝？
叶轮是黄铜还是不锈钢？
净重多少公斤？

La kwanza linauliza kama koili ni shaba tupu, alumini, au alumini iliyovikwa shaba. La pili ni la impela. La tatu linauliza uzito bila boksi. Akijibu la kwanza kwa 铜线 bila 纯, yaani "tupu", rudia swali, maana hajachagua. Uzito linganisha na wa pampu nyingine ya wati na kava la aina ileile: shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, na tofauti ya koili huonekana kwenye mizani. Sampuli ikifika, sumaku haitakusaidia kwenye koili, kwa sababu hainasi shaba wala alumini. Mwambie fundi afungue kava, akwangue ncha moja ya waya kwa kisu hadi ndani. Shaba tupu inabaki nyekundu hadi katikati, na 铜包铝 inageuka nyeupe kama fedha mara tu ngozi inapotoka.