Daftari Langu la Mikataba

Shamba la shule lilikuwa limeuza mahindi na alizeti, zikapatikana shilingi milioni 12. Mkuu wa Shule, ambaye alikuwa amechoka kusikiliza malalamiko yetu mwaka mzima, akatuita wakuu wa idara watano Jumamosi asubuhi na kutuwekea kanuni moja tu: mgawo wowote utakaokubaliwa na watatu kati yetu atautia saini bila kuuliza swali. Tukishindwa kuelewana hadi saa saba mchana, fedha zote zitakwenda kuchimba shimo jipya la choo cha walimu. Baada ya kusema hayo akaenda zake ofisini, akafunga mlango.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na nikiri kwamba nilicheka moyoni. Mchezo wa namna hii, wa watu wanaogombea fungu moja kwa kura ya wengi, niliusoma chuoni. Von Neumann na Morgenstern waliuchambua tangu mwaka 1944. Wenzangu walikuja na hotuba. Mwalimu wa Historia, anayesimamia Sayansi ya Jamii, alitaka kuwapeleka wanafunzi Kondoa wakaone michoro ya miambani. Mwalimu wa Michezo alitaka jezi na uwanja usawazishwe kabla ya UMISSETA. Sayansi walitaka hadubini, Lugha vitabu. Mimi nilitaka mashine ya fotokopi, lakini hotuba sikuandaa. Niliandaa hesabu.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Watatu wanatosha, kwa hiyo kumwingiza wa nne ni kumlisha mgeni ambaye hukumwalika. Kabla kikao hakijapata joto nikawavuta kando Sayansi na Lugha, nikawaambia tuchukue milioni 4 kila mmoja, na hao wawili wengine waende kusawazisha uwanja kwa majembe. Wakakubali palepale. Nilirudi kwenye kiti changu nikijiona nimemaliza kazi, nikajimiminia chai na kuchukua maandazi mawili.

Andazi la pili halijaisha, nikamwona Dada wa Lugha anarudi kutoka uani huku akikwepa macho yangu. Kumbe Historia na Michezo, ambao mkononi hawakuwa na kitu, walikuwa wamempa milioni 5 ili aje upande wao, wenyewe wakabakiwa na milioni 3.5 kila mmoja. Kwa mtu aliyekuwa anaondoka na sifuri, milioni 3.5 ni sikukuu. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa mchezo huu, na nilipaswa kuukumbuka kabla ya chai: watatu wakiungana, wawili wanabaki nje wakiwa na njaa, na hao wenye njaa wanahitaji kumnunua mmoja tu. Daima wataweza kumwongezea kitu, kwa sababu kile wanachokitoa hakikuwa chao. Hakuna mgawo ambao hauwezi kuvunjwa na mgawo mwingine.

Basi nami nikaona dawa ni ileile. Nikamfuata Mwalimu wa Michezo penye tangi la maji, nikamwahidi milioni 4.5, mimi na Sayansi tukibaki na milioni 3.75 kila mmoja. Safari hii sikutaka maneno matupu. Nikatoa daftari langu, nikaandika mkataba wenye tarehe, saa 4:50, mafungu yote matatu na saini yangu, nikachana ukurasa nikampa. Akaukunja mara nne, akautia katika mfuko wa suruali ya trakisuti na kuufunga zipu.

Laiti ningeishia hapo. Lakini nilipokuwa narudi, hesabu iliniamsha tena. Lugha na Historia sasa walikuwa nje, wana sifuri, na mwenye sifuri hakatai milioni 3.5. Nikiungana nao mimi ningepata milioni 5 kamili, mashine pamoja na rimu za karatasi za mwaka. Nikajiambia kwamba Michezo angeelewa, kwa kuwa naye alikuwa amemtoroka mwenzake muda mfupi tu uliopita. Saa 5:20 nikaandika mkataba wa pili katika ukurasa uliofuata wa daftari lilelile, nikaukabidhi kwa Mwalimu wa Historia, na yeye akanishukuru kwa heshima zote.

Sasa msomaji ajue jambo moja kuhusu mwandiko wangu. Miaka kumi na minne ya kuandika kwa chaki imenizoesha kukandamiza, na nikishika kalamu ya wino naikandamiza vilevile, hata ukurasa wa chini unapata makovu. Ajue pia kwamba Mwalimu wa Historia ni mtu wa nyaraka. Hasomi karatasi kama mimi na wewe. Aliinamisha ile yangu kando ya dirisha ili mwanga uipige kwa ubavu, akaona mifereji isiyolingana na maandishi, akaomba penseli kutoka kwa Sayansi, akaanza kuipaka taratibu kwa ubapa wa risasi yake. Mimi nilidhani anachora. Katikati ya weusi ule mistari myeupe ikaanza kujitokeza, mmoja mmoja: Hisabati 3.75. Sayansi 3.75. Michezo 4.5. Saa 4:50. Na chini yake, kubwa na yenye mbwembwe, saini yangu.

Hakupandisha sauti. Alimgeukia Mwalimu wa Michezo na kumuuliza, "Kaka, wewe una karatasi yoyote kutoka kwa Mwalimu?" Nikasikia zipu ikifunguka.

Karatasi mbili zikalazwa mezani, ubavu kwa ubavu, zimepishana nusu saa. Sayansi, aliyekuwa ameahidiwa katika ya kwanza na kufutwa katika ya pili, alizisoma mara mbili, kisha akaomba radhi atoke kidogo. Wenzake watatu wakamfuata. Walikaa chini ya mwarobaini kwa muda usiozidi dakika kumi, wakarudi na mgawo wao: milioni 3 kwa kila idara, isipokuwa Hisabati.

Nikasimama. Nikawaeleza kwa utulivu kwamba wanakosea kihesabu, kwa sababu wanne ni wengi kupita kiasi na kila mmoja anapoteza milioni nzima kwa kumbeba asiyehitajika. Wawili wowote wakija kwangu, tutagawana milioni 4 kila mmoja, na tutakuwa watatu, na watatu wanatosha. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Hata leo ukinipa ubao nitakuthibitishia.

Kimya kikatanda, mpaka Sayansi akauliza kwa upole, "Utatuandikia kwenye karatasi gani, Mwalimu?"

Walicheka hadi Mkuu wa Shule akafungua mlango kuangalia kuna nini. Mikono minne ikanyooshwa saa 6:10. Hata kile kitisho cha shimo la choo, ambacho nilikuwa nimekiweka akiba kwa dakika za mwisho, hakikunifaa, maana hakuna aliyehitaji kura yangu wala kuogopa kuikosa.

Lugha walipunguza vitabu, fedha iliyobaki wakanunua mashine ya fotokopi iliyotumika. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulipokaribia, ilinibidi niende mwenyewe kuomba nakala mia moja na ishirini. Dada wa Lugha hakuwa na kinyongo. Alinipokea vizuri, akanionyesha mahali pa kusaini katika daftari la mashine, kisha kabla sijaigusa kalamu akavuta droo, akatoa kipande cha kadibodi na kukitelezesha chini ya ukurasa.