Ada inayokatwa kabla hujaiona bei

“Kila siku naangalia bei ya mfuko wetu wa uwekezaji na sijaona ada ikikatwa. Hiyo asilimia mbili na nusu wanaitoa wapi?” Aliyeuliza ni mweka hazina wa chama cha wauza mitumba wa Kongowea.

Inatoka ndani ya bei yenyewe. Jioni, Soko la Hisa la Nairobi likishafungwa, meneja wa mfuko huhesabu kila hisa kwa bei ya kufungia, akajumlisha fedha zilizoko benki na gawio linalosubiriwa. Kisha hutoa madeni, na ada ya siku hiyo ni mojawapo ya madeni hayo. Kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya yuniti, yaani vipande vya mfuko ambavyo wawekezaji wamenunua.

Tuchukue mfuko wa hisa wa mfano wenye shilingi milioni 500 na yuniti milioni 40: bei ni shilingi 12.50. Ada ya asilimia 2.5 kwa mwaka ni milioni 12.5, yaani kama 34,247 kwa siku. Igawe kwa yuniti zote na kila moja inapoteza chini ya sehemu ya kumi ya senti moja. Bei ya hisa hupanda na kushuka zaidi ya hapo kila siku, kwa hiyo jicho haliwezi kuiona. Mwaka ukiisha ni senti 31 hivi kwa kila yuniti bei ikibaki pale pale, na ada hukatwa hata kama soko limeanguka.

Wanaoitetea ada hii wana hoja. Humo hulipwa meneja, na muuza nguo hana wasaa wa kusoma hesabu za kampuni ishirini. Akinunua hisa mwenyewe, dalali naye hukata kamisheni kila anaponunua na kila anapouza.

Lakini asilimia hiyo hutozwa kwenye mtaji wote, ilhali mwekezaji hula faida tu. Laki moja ikikua kwa asilimia 10 kwa miaka 10 inafika 259,374. Ikikua kwa 7.5 inafika 206,103. Ada imekula theluthi moja ya faida.

Ndiyo maana mimi huwa mkali zaidi kwa mifuko ya soko la fedha, ambayo vyama vingi hapa Mombasa hukimbilia. Kwa kawaida bei ya yuniti huko haibadiliki, na ada hukatwa kwenye riba ya siku kabla haijaingia kwenye akaunti. Hati za Serikali na amana za benki, ambako fedha hizo huwekwa, zikizalisha asilimia 10, ada ya 2 ni sehemu ya tano ya riba. Riba ikishuka hadi 8, ada ile ile imekuwa robo, na kazi ya meneja haijaongezeka. Kwenye hisa naweza kukubali 2.5 kwa meneja anayechagua vizuri kuliko soko. Kwa kuweka fedha kwenye hati za Serikali za siku 91, mweka hazina aulize riba kabla ya ada, kisha agawe ada kwa riba hiyo.