Picha ya Skrini Iliyokatwa Mkia

Hapa Moshi, penye magari mengi yaliyotumika Japani, kila mara mtu hunitumia picha ya skrini kutoka kwenye video ya ufundi, akitaka tafsiri ya onyo la Kijapani ambalo mwisho wake umefunikwa na mstari wa kuchezea video. Juzi ilisomeka 使用できま tu, kuhusu mafuta ya giaboksi. Kijapani huweka ukanushaji mwishoni: ikifuata す, mafuta hayo yanafaa, ikifuata せん, hayafai. Nikaandika "[mwisho umefichwa]", naye akalalamika kwamba nambania jibu! Jamani, simamisha video, subiri vitufe vipotee, ndipo upige picha, au nitumie kiungo pamoja na dakika yenyewe.