Kuitikia salamu si kuelewa lugha

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akipewa namba ya mteja asiyemjua, anaweza kumtumia salamu ileile kwa lugha tatu aone ipi itaitikiwa. Njia ni nzuri, ila wengi wanaishia kwenye salamu. Huku kanda ya ziwa tumechanganyika mno: ukimwambia mtu "mwangaluka" ataitikia hata kama Kisukuma chake kinaishia hapohapo. Bei na siku ya kusafirisha mzigo zikianza kutajwa, ndipo mnagundua hamwelewani.

Mimi nasema kila salamu ifuatwe na swali moja fupi la kuchagua, kwa lugha hiyohiyo. Chukua namba inayoanza na +256, ya Uganda. Asubuhi unaanza na Kiswahili: "Habari za asubuhi? Nauza samaki Kirumba, Mwanza. Unataka dagaa au sato?" Akijibu "sato", ameelewa. Akijibu "ndiyo" au "nzuri sana", usijipe moyo, maana swali lenye "au" halijibiwi hivyo. Hapo hamia Kiganda: "Wasuze otya? Oyagala mukene oba engege?" Akirudisha "mukene", endelea na Kiganda, au mtafute anayekijua akusaidie. Ikishindikana, jaribu Kijaluo: "Oyawore? Idwaro omena koso ngege?" Usikiruke eti kwa sababu namba si ya Kenya. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha nchi ya laini tu, na wavuvi wa ziwa hili wanahamahama na laini zao.

Tuma lugha moja, subiri jibu, ndipo utume nyingine. Zikienda zote kwa mkupuo, jibu la "sawa" halikwambii ameelewa ipi, na ujumbe wa lugha nyingi kutoka namba ngeni unafanana sana na wa matapeli. Ndiyo maana biashara na mahali vitajwe mapema. Angalia na saa pia: "wasuze otya" na "oyawore" ni za asubuhi, kwa hiyo ukizituma jioni zitamshangaza mtu anayezielewa vizuri kabisa.

Ukimya nao usiusome haraka kama kutoelewa. Washa kwanza taarifa ya kupokelewa ujumbe, kwani huenda simu imezimwa au mtu yuko majini.

Kwa Kisukuma kuna mtego mdogo. Ukiandika "ng'wangaluka" kwa alama iliyopinda (’), ambayo simu nyingine huiweka zenyewe, nafasi ya SMS moja inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande na unalipia kila kimoja. Weka alama iliyonyooka ('), au andika "mwangaluka" tu.

Jibu likija, piga simu uulize swali lilelile kwa mdomo. Simu za mialoni hushikwa na watu wengi, na huenda aliyekuandikia ni kijana wa dukani, wala si mwenye mzigo.