Suruali Yangu Haina Mawimbi

Kwa kuwa yule jamaa yangu ameshaisambaza picha, na kwa kuwa anaisimulia kama vile nililipua transfoma, acheni mhusika mwenyewe niseme. Na wewe uliyeniandikia asubuhi yote hii “fundi, mawimbi yamerudi?”, nimekuona.

Tulikuwa watu wanane, ligi ya mpira kwenye PS5 yangu. Tivi ni moja, na waliokaa pembeni wanalalamika hawaoni. Nikajitutumua: ngoja niwape ukuta mzima. Nilikuwa na projekta ya zamani yenye tundu la DVI, nikaichomekea adapta. Halafu nikatoa splita ya HDMI, ile inayoingiza waya mmoja na kutoa miwili: mmoja kwa tivi, mwingine kwa projekta. Niliwahutubia kabisa kuhusu splita. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikawasha. Tivi ikaonyesha picha sekunde mbili, ikawa giza. Ikarudi. Giza tena. Mmoja akauliza kama tivi inamkonyeza. Ukutani hakuna picha, ni bluu tupu na maandishi meupe makubwa: NO SIGNAL, yaani hakuna mawimbi.

Nikasema ni waya. Nikabadilisha waya. Nikasema ni mpangilio wa kuwasha, na hapo sikudanganya: vifaa hivi husalimiana kwanza, na salamu ikikwama katikati unazima vyote, unachomoa umeme, kisha unawasha tivi na projekta, halafu splita, PS mwisho. Nikafanya hivyo mbele ya watu wanane waliokunja mikono. Tivi ikakonyeza.

Sasa njooni polepole, hapa ndipo penyewe.

Splita ilikuwa imeangukia nyuma ya meza ya tivi, chini ya ukuta ule ule unaomulikwa. Nikaenda pale, tochi ya simu mdomoni. Nikainama. Nikanyoosha mkono, haufiki. Nikainama zaidi. Chumba kikanyamaza. Nikadhani wamevutiwa na ufundi. Nikasikia mtu anavuta pumzi kama anayezuia chafya, kisha mlio wa kamera. Mmoja. Miwili. Nikageuza shingo bila kuinuka (kosa la pili) na kuona mwanga wa bluu umejaa suruali yangu ya kaki. NO ikiwa upande wa kushoto, SIGNAL upande wa kulia, zimekaa sawasawa kana kwamba fundi cherehani amezipima.

Nikashtuka, nikasema “nini?” na tochi ikaanguka.

Waliobaki walilala chini. Jamaa yangu alikuwa analia machozi, lakini mkono wa simu haukutetemeka hata kidogo, mjionee wenyewe picha ilivyo safi.

Kwa hasira nikachomoa waya wa projekta kwenye splita. Tivi ikatulia hapo hapo. Picha safi, haikonyezi tena. Ndipo akili ikanirudia. PS5 hutoa picha iliyofungwa kwa kinga iitwayo HDCP, na kabla ya kuifungua hudai kila kioo mbele yake kioneshe funguo. Splita ya halali inatakiwa kumtaja kila aliye nyuma yake. Projekta yangu haikuwa na funguo kabisa, basi PS ikakataa msafara mzima, ikajaribu upya, ikakataa tena. Tivi iliadhibiwa kwa kosa la jirani. Waya mpya ungesaidia nini?

Yaliyofuata yalikuwa ya dakika tatu. Projekta ikiwa bado imechomolewa, ili nione menyu, nikaingia `Settings`, `System`, `HDMI`, nikazima `Enable HDCP`. Nikashusha picha hadi `1080p`, maana splita ilikuwa inafuata uwezo wa tivi na projekta ile haiijui 4K. Nikarudisha waya. Ukuta ukawaka uwanja mzima, nyasi na yote. Hakuna aliyepiga makofi.

Usiku, mmoja wao akataka filamu. Programu ya filamu ikagoma kucheza, kwa sababu gemu huruhusiwa bila kinga ila filamu hizo haziruhusiwi. Ukitaka filamu, rudisha HDCP na projekta ikae nje. Nikawaeleza vizuri, taratibu, nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani.

“Sawa fundi,” jamaa yangu akasema, “ila hebu geuka kidogo tuone kama kuna mawimbi.”

Picha ya kundi letu mpaka sasa ni ile suruali. Nimeomba itolewe mara mbili. Kila nikiomba, wanaikuza.