Chanjo ya kifaduro na mafua katika wiki ya 20 ya ujauzito

"Naishi Uingereza, mimba yangu ina wiki 20. Mkunga anataka nichomwe chanjo ya kifaduro na ya mafua siku moja. Mama mkwe anasema nisubiri mtoto akomae. Je, hatadhurika?"

Dada yangu, hatadhurika, na ningekuwa mimi ningechomwa zote mbili wiki hii. Lakini mama mkwe ana hoja ambayo hata wataalamu wanaijadili, kwa hiyo tusimpuuze.

Tuanze na kilichomo ndani ya sindano. Chanjo ya kifaduro ina vipande vya bakteria vilivyosafishwa, pamoja na kinga ya pepopunda na dondakoo. Ya mafua ina virusi waliokwisha kuuawa. Hakuna kilicho hai, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuzaliana na kumwambukiza mtoto tumboni. Ile chanjo ya mafua ya kupulizwa puani ndiyo yenye virusi hai waliodhoofishwa, na hiyo mjamzito hapewi. Kinachopita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto ni kingamwili, yaani kinga ambayo mwili wako umeitengeneza, na huchukua kama wiki mbili kutengenezwa.

Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito kifaduro Oktoba 2012, mwaka ambao ugonjwa huo uliua watoto wachanga 14. Mwanzoni ilikuwa wiki ya 28 hadi 38, kisha mwaka 2016 wakaruhusu kuanzia wiki ya 16. Sababu mojawapo ni utafiti wa Geneva, ambako damu ya kitovu ya watoto ambao mama zao walichanjwa katika miezi mitatu ya pili ilikuwa na kingamwili nyingi kuliko ya wale ambao mama zao walichanjwa miezi mitatu ya mwisho. Nyingine ni watoto njiti. Chukulia umesubiri hadi wiki ya 30, halafu uchungu ukaanza wiki ya 31: mtoto anazaliwa karibu bila kinga yoyote, na chanjo yake ya kwanza huko ni ya wiki 8. Ukichomwa leo, hata akija mapema hivyo atakuwa amepokea kingamwili kwa wiki nyingi.

Upande wa mama mkwe una Marekani, ambako wanashauri wiki ya 27 hadi 36. Hoja yao ni kwamba kingamwili hupita kwa wingi miezi ya mwisho, na za mama huanza kupungua baada ya kufika kilele. Tafiti nyingine zinawaunga mkono. Lakini wanabishana kuhusu lini mtoto anapata kinga nyingi zaidi, si kama chanjo inamuumiza. Kwako, ambaye umeshapewa nafasi, naona hofu ya kujifungua mapema ina uzito zaidi.

Kuhusu madhara, lipo jambo moja la kulitazama kwa makini. Utafiti wa Marekani wa 2014 uliona maambukizi ya chupa ya uzazi kwa wajawazito 6.1 katika kila 100 waliochanjwa kifaduro, dhidi ya 5.5 kwa wasiochanjwa. Tofauti ni ndogo, na kuzaa kabla ya wakati, jambo ambalo maambukizi hayo hulisababisha, hakukuongezeka. Uingereza walifuatilia wajawazito waliochanjwa wapatao 20,000 na hawakuona ongezeko la watoto kufia tumboni. Ni kweli huu ni ufuatiliaji tu, na wanaokubali chanjo huenda pia wanahudhuria kliniki zaidi. Hata hivyo, madhara makubwa yangekuwapo, idadi kama hiyo ingeyaonyesha.

Kwa mafua, utafiti wa 2017 uliotisha wengi ulihusu mimba kuharibika katika siku 28 baada ya chanjo, kwa wenye mimba changa waliokuwa wamechanjwa pia msimu uliotangulia. Utafiti uliofuata haukuona hatari hiyo, na wewe wiki hizo umeshazipita. Hapa kinachoamua ni msimu wa mafua, si umri wa mimba: virusi wakianza kuzunguka nawe uko wiki ya 20, kusubiri ni kujiacha wazi wakati homa na nimonia ya mafua humlemea zaidi mjamzito.

Jambo moja kwa waliotoka nyumbani: ile sindano ya pepopunda ya kliniki za Tanzania na Kenya huwa na pepopunda na dondakoo tu. Kama uliwahi kuchomwa, usihesabu kwamba kifaduro umeshamaliza. Na kila mimba inahitaji chanjo yake, kwa sababu kingamwili za mwaka juzi zimeshapungua.

Mwambie mkunga kama uliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo. Kama una homa leo, ahirisha siku chache. Omba sindano moja kila mkono. Mkono kuuma na uchovu wa siku moja au mbili ni kawaida, na homa ikija meza parasetamoli. Lakini homa isiposhuka, damu au maji yakitoka, au mtoto akipunguza kucheza, usiseme ni chanjo ukalala. Piga simu wodi ya uzazi muda huohuo.

Akizaliwa, mpeleke chanjo zake kwa tarehe. Kingamwili zako zinaweza kufanya mwili wake usiitikie sana dozi za mwanzo, na ndiyo maana asikose hata moja.