Kloramfenikoli kwa kichanga: ile 25 ni ya siku nzima, sio ya dozi moja

Mimi sio wa kusema kloramfenikoli itupwe. Kuna vituo ambavyo ampisilini imeisha, jentamaisini haijaletwa, na kile kichupa cha unga cha gramu 1 ndicho kimebaki kabatini, halafu analetwa mtoto wa siku 4, hanyonyi, utosi umetuna, keshapata degedege na gari la rufaa halijulikani litafika saa ngapi. Hapo nesi atatumia alichonacho, na mimi simlaumu hata kidogo. Ninachogombana nacho ni namba moja tu, hiyo 25, kwa sababu kwenye dawa hii inasomeka kwa njia mbili na njia moja inaua.

Kwa mtoto mkubwa mwenye homa ya uti wa mgongo, 25 mg kwa kilo ni dozi moja, unarudia kila baada ya saa 6, kwa hiyo kwa siku anapata 100 mg kwa kila kilo. Kwa kichanga ambaye hajafikisha wiki 2, 25 mg kwa kilo ndiyo ya siku nzima, unaigawa mara mbili, yaani 12.5 mg kwa kilo kila baada ya saa 12. Sasa fikiria mtu yuko zamu ya usiku, kazoea wodi ya watoto, namba 25 iko kichwani miaka yote, anaiandika kwenye fomu ya kichanga na kuweka "kila saa 6". Mtoto keshapewa mara nne ya anachostahili na kwenye karatasi hakuna kinachoonekana cha ajabu.

Na hiyo 100 kwa kilo sio ya kubahatisha, tunajua inafanya nini. Mwaka 1959 madaktari wa hospitali ya kaunti ya Los Angeles walitoa ripoti ya watoto njiti waliokuwa wakipewa antibayotiki za kujikinga kwa sababu chupa ya mama ilipasuka mapema. Waliopata kloramfenikoli, kwa 100 mg kwa kilo kwa siku na zaidi, walikufa zaidi ya nusu, wakati wasiopewa chochote na waliopewa penisilini na streptomaisini walikufa karibu mmoja kati ya watano. Yaani dawa ya kinga iliua kuliko kutotoa dawa kabisa. Huo ndio ugonjwa wa mtoto wa kijivu.

Sababu yake iko kwenye ini. Dawa hii inatakiwa ifungwe na enzaimu za ini ndipo figo ziitoe kwenye mkojo, sasa kichanga enzaimu hizo hazijakomaa na figo nazo bado, kwa njiti ndio kabisa. Mtu mzima anapunguza nusu ya dawa mwilini kwa kama saa 4 hivi, mtoto wa siku moja au mbili anaweza kuhitaji siku nzima au zaidi. Kwa hiyo ukimchoma tena baada ya saa 6, ile ya kwanza karibu yote bado imo, unaongeza juu yake, na ya tatu juu ya hiyo. Ikishalundikana inazuia kazi ya mitokondria, seli zinakosa nguvu, na moyo ndio unaochoka vibaya.

Tupige hesabu ya mtoto mmoja. Ametimiza miezi, ana siku 4, kilo 3. Kilo 3 mara 25 ni 75 mg kwa siku nzima, ukigawa mara mbili ni 37.5 mg kila baada ya saa 12. Kichupa cha gramu 1 kikishachanganywa kikafika ml 10 kina 100 mg kwenye kila ml, kwa hiyo dozi yake ni ml 0.375, na hapa ndipo penye balaa la pili maana nani anaipima hiyo vizuri kwa sirinji ya ml 10 saa nane usiku? Nukta ikihama mtoto kala mara kumi. Mimi napenda uvute ml 1 ya mchanganyiko huo, uongeze maji ya sindano ml 3, upate ml 4 zenye 25 mg kila ml. Hapo hesabu inakuwa nyepesi, kila dozi ni nusu ml kwa kilo, mtoto wa kilo 3 anapata ml 1.5, unasukuma taratibu kwenye mshipa. Na kwenye fomu andika vyote, mg kwa siku, mg kwa dozi na ml, ili wa zamu inayofuata akague mwenyewe.

Akipita wiki 2, kama alitimiza miezi na anaendelea vizuri, anaweza kupanda hadi 50 mg kwa kilo kwa siku. Njiti asipandishwe hivyo, na kwa kweli njiti asipewe kabisa kama kuna njia nyingine yoyote, kwa sababu salama yake ni kupima kiwango cha dawa kwenye damu na vituo hivi hawana kipimo hicho. Hata aliyetimiza miezi, kama seftriaksoni ipo na hana manjano wala hawekewi dripu yenye kalsiamu, mimi nachukua seftriaksoni.

Na jamani ile syrup ya dukani. Kijiko cha ml 5 kwa kawaida kina 125 mg. Mama akiambiwa ampe kichanga wa kilo 3 kijiko kimoja mara tatu kwa siku, hiyo ni 125 mg kwa kilo kwa siku, imeshaingia kwenye zile za Los Angeles. Muuza dawa asimpe, kichanga anayeumwa apelekwe kituoni.

Kinachonitisha zaidi ni jinsi sumu hii inavyojificha. Inaanza kati ya siku ya 2 na ya 9 ya dawa, mara nyingi kama siku ya 4, na dalili za mwanzo ni kutapika, kukataa ziwa, tumbo kujaa, kupumua haraka haraka. Si ndio dalili zile zile alizokuja nazo? Basi mtu anasema maambukizi yamezidi, anaongeza dozi. Jiulize alikuwa ameanza kupata nafuu kisha akageuka? Amekuwa wa baridi, amelegea, anaharisha kijani, rangi inaenda kwenye kijivu cha majivu? Ukiona hivyo mtoto yuko kwenye dawa hii, usisubiri uhakika, simamisha sindano saa hiyo hiyo, mpe joto, oksijeni, angalia sukari, weka antibayotiki nyingine na mpe rufaa, kwa sababu hospitali kubwa wanaweza kumbadilishia damu kuiondoa dawa. Anayezidiwa anaweza kufa ndani ya siku mbili, anayewahiwa anaweza kupona kabisa.

Kwenye barua ya rufaa andika uzito, dozi kwa mg, amepewa mara ngapi na ya mwisho saa ngapi. Daktari wa kule akisoma "alipewa antibayotiki" tu hana pa kuanzia.